Tafuta kwenye simu, tazama kwenye runinga

Neno Wakaliwood, jina la studio ya filamu ya Wakaliga, Kampala, lina herufi kumi. Kwa rimoti linataka mibonyezo 43. Kwenye kibodi ya runinga yenye alfabeti iliyopangwa herufi saba saba kwa mstari, kielekezi huanzia A. Kwenda W ni hatua nne, kurudi A nne, kufika K nne, kurudi tena A nne, na hivyo hivyo mpaka D ya mwisho. Jumla ni hatua 33, halafu kila herufi inadai OK yake. Ukipitiliza herufi moja bila kugundua, matokeo yanakuja ya kitu kingine kabisa na unaanza upya huku waliokaa sebuleni wakikuangalia.

Wengi wakichoshwa na hayo hukimbilia kitufe cha maikrofoni kilichoko kwenye rimoti. Kinasaidia, ila kina mpaka wake. Maikrofoni ya runinga husikia kwa lugha ambayo runinga imewekewa, na kwenye runinga nyingi zinazouzwa Kampala hiyo ni Kiingereza. Ukiitamkia Kiswahili, Kiganda au jina la msanii wa hapa, inatafuta neno la Kiingereza linalokaribiana na ulichosema na kuliandika hilo. Simu iliyo mfukoni mwako, kwa upande mwingine, inaweza kuandika Kiswahili unachokitamka. Kwa hiyo njia ya haraka kwa mtazamaji wa Kiswahili ni kutafuta kwa sauti kwenye simu, kisha kuitupia runinga kilichopatikana. Maikrofoni ya rimoti ina kazi yake pia, nayo tutaifikia.

Kurusha si kuakisi

Kuna mambo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja, na mkanganyiko huo ndio mama wa matatizo mengi.

Kurusha ni pale unapobonyeza ile ikoni ya mstatili wenye mikunjo mitatu ya mawimbi kwenye kona. Simu haitumi video. Inaiambia runinga "cheza video fulani", na runinga yenyewe inaingia kwenye intaneti kuichukua. Baada ya hapo simu iko huru: unaweza kupokea simu, kuifunga skrini, au kutafuta filamu inayofuata wakati wenzako wanaendelea kutazama. Faida kubwa kwa anayetafuta iko hapo.

Kuakisi skrini ni kuigeuza runinga kuwa kioo cha simu. Kila kilicho kwenye simu kinaonekana, pamoja na ujumbe wa WhatsApp unaoingia katikati ya filamu. Simu za Samsung huiita Smart View, na simu nyingine hutumia majina kama Screen Cast au Wireless Display. Simu ndiyo inayofanya kazi yote, inapata joto na kumaliza chaji, na ukiifunga skrini picha inakatika. Kwa kutafuta majina haina faida kubwa. Ifanye akiba kwa siku runinga haina intaneti na faili la filamu liko ndani ya simu, kwa sababu aina yake iliyozoeleka kwenye Android, Miracast, huunganisha simu na runinga moja kwa moja bila kupitia ruta.

Runinga yako inaweza lipi? Angalia duka lake la programu. Likiwa ni Google Play Store, na orodha ya mipangilio ina Google Cast au Chromecast built-in, unaweza kurusha kutoka programu nyingi. Runinga za Samsung, LG na Hisense zenye mfumo wa VIDAA zina njia zake, lakini YouTube inarushika kwenye zote hizo. Kuna pia runinga za bei nafuu zilizoandikwa "smart" na zenye Android ya kawaida ndani, bila kibali cha Google. Hizi mara nyingi huakisi tu. Hata hivyo, kama zina programu ya YouTube iliyo nzima, njia ya namba iliyoelezwa hapa chini huwa inakubali.

Kuunganisha, kulingana na intaneti inatoka wapi

Nyumba yenye ruta au MiFi haina makuu. Simu na runinga ziwe kwenye waifai moja yenye jina moja. Fungua YouTube kwenye simu, bonyeza ikoni ya kurusha, chagua jina la runinga. Kama ruta yako inatoa majina mawili, moja likiishia na 5G, viweke vifaa vyote viwili kwenye jina moja mpaka uone inafanya kazi. Ruta nyingi huziruhusu pande hizo mbili zionane, lakini si zote.

Wenye kutumia hotspoti ya simu ndio wengi, na hapo kuna vizingiti viwili. Cha kwanza ni masafa. Runinga za bei ya chini husoma waifai ya 2.4 GHz pekee, na simu mpya huweza kufungua hotspoti kwenye 5 GHz. Dalili ni kwamba simu nyingine zinaiona hotspoti lakini runinga haioni kitu. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, tafuta neno Band, weka 2.4 GHz. Kwenye iPhone swichi inaitwa Maximize Compatibility. Kizingiti cha pili ni kwamba baadhi ya simu zinazotoa hotspoti hazitafuti runinga kwenye mtandao zinaoutoa zenyewe: runinga inapata intaneti vizuri, lakini ikoni ya kurusha haionekani. Kama nyumbani kuna simu mbili, moja itoe hotspoti na ya pili, iliyojiunga nayo, ndiyo irushe. Kama simu ni moja, tumia namba.

Njia ya namba ndiyo tunayoipenda kuliko zote, na ni ajabu jinsi inavyojulikana na wachache. Haihitaji simu na runinga ziwe kwenye waifai moja. Inapitia intaneti, kwa hiyo runinga inaweza kuwa kwenye waifai ya nyumba ya wageni mjini Mbale na simu yako ikawa kwenye bando lake yenyewe.

1. Kwenye runinga fungua YouTube, shuka mpaka Settings, chagua Link with TV code. Itatokea namba ya tarakimu 12.
2. Kwenye simu fungua YouTube, bonyeza picha ya akaunti yako, ingia Settings, kisha Watch on TV, kisha Enter TV code.
3. Andika tarakimu zote 12 bila nafasi na ubonyeze Link.

Mara hii moja inatosha. Kuanzia hapo runinga hiyo itakuwa kwenye orodha kila ukibonyeza ikoni ya kurusha, hata ukiwa mtaa wa pili. Hilo la mwisho lina madhara yake: ukiunganisha simu na runinga ya nyumba ya wageni kisha ukaondoka, bado unaweza kumkatizia filamu mgeni aliyekuja baada yako, na aliyekutangulia anaweza kukufanyia hivyo hivyo. Ukiona video usiyoijua inaanza yenyewe, ingia Settings ya YouTube kwenye runinga na uviondoe vifaa vilivyounganishwa.

Kuifundisha simu isikie Kiswahili

Kwenye programu ya YouTube ya simu kuna maikrofoni mbili, na si sawa. Moja ni ya YouTube yenyewe, iko karibu na kisanduku cha kutafutia. Ukimaliza kusema inatafuta papo hapo, bila kukupa nafasi ya kurekebisha. Nyingine ni ya kibodi, inatokea ukigusa kisanduku na kibodi ikapanda. Tumia hii ya kibodi. Inaandika ulichosema, unasoma, unarekebisha herufi moja iliyokosewa, ndipo unatafuta.

Kwa Kiswahili unahitaji Gboard, kibodi ya Google. Simu nyingi za Android huja nayo, na kama haipo inapatikana bure Play Store. Ifungue mahali popote pa kuandika, gusa kigurudumu cha mipangilio, ingia Languages, kisha Add keyboard, andika Swahili. Chagua ya Kenya au ya Tanzania. Kwa anayesema Kiswahili cha Kampala au cha Busia yoyote kati ya hizo mbili itafaa, jaribu zote na ubaki na inayokuelewa. Google iliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, kwa hiyo hata simu ya zamani kidogo inayo.

Baada ya hapo tazama kitufe cha nafasi kwenye kibodi. Kinaonyesha lugha iliyo kazini. Ukikibonyeza bila kukiachia, orodha ya lugha inatokea. Maikrofoni hufuata lugha hiyo, na hapo ndipo watu wanapoteleza: wameongeza Kiswahili lakini kitufe cha nafasi bado kinasema English, wanasema "mkanda wa ngumi" na simu inaandika maneno ya ajabu, halafu wanaamua kwamba jambo lenyewe halifanyi kazi. Hakikisha lugha kwanza, ndipo useme.

Sema maneno machache. "Naomba nitafutie ile filamu ya..." ni adabu nzuri kwa mwenye duka la video, lakini kwa mashine kila neno la ziada ni kitu kingine cha kutafuta. Jina, kisha alama moja ya kulitofautisha: mwaka, mchezaji, au chaneli. Alama hiyo ni muhimu hasa kwa maneno ya hapa yanayofanana na ya kwingine. Sema "rolex" peke yake na utapewa saa za mkononi za mamilioni. Sema "kupika rolex chapati mayai" na utapata ile ya barabarani.

Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Tuseme sebule imeomba Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano ya 2010 iliyotengenezwa na Nabwana IGG kule Wakaliga, Kampala. Wenyewe wameiweka YouTube nzima, kwa hiyo ni halali na ni bure. Ugumu wake ni kwamba ni maarufu: imezungukwa na vipande, matangazo yake, na watu waliojirekodi wakiitazama na kucheka.

Unganisha simu na runinga kwanza, kabla ya kutafuta. Ukianza kutafuta kabla ya kuunganisha, video utakayogusa itaanza kucheza kwenye simu na utapoteza muda kuisimamisha.

Gusa kisanduku cha kutafutia. Jina la filamu ni la Kiingereza, kwa hiyo rudisha kitufe cha nafasi kwenye English na utamke: who killed captain alex. Haya ni maneno ya kawaida na simu itayaandika sawasawa. Usitamke Wakaliwood. Neno hilo halimo kwenye kamusi yoyote, na mashine inaweza kukuandikia kitu kama "what Hollywood". Liongeze kwa vidole baada ya maneno yaliyoandikwa kwa sauti. Huu ndio mchanganyiko tunaoushauri kwa majina yote ya hapa: sauti kwa maneno ya kawaida, vidole kwa jina la mtu au mahali.

Matokeo yakija, gusa nukta tatu zilizo juu kulia na ufungue Search filters. Kwenye sehemu ya Duration chagua video zinazozidi dakika 20. Vipande na matangazo yote yanaondoka. Zitabaki ndefu: filamu yenyewe, inayozidi saa moja kwa dakika chache, na baadhi ya wale wanaoitolea maoni. Sasa soma vitu viwili chini ya kila picha, jina la chaneli na urefu. Chaneli ya Wakaliwood wenyewe ndiyo unayoitaka. Anayezungumza juu ya picha ni VJ Emmie, kwa hiyo ukisikia mtu akipiga porojo kwa Kiingereza juu ya filamu usidhani umekosea, ndivyo ilivyo.

Gusa video hiyo. Kwa kuwa simu imeunganishwa, itakuuliza: Play au Add to queue. Kama runinga haina kitu, Play. Kama wenzako wako katikati ya muziki, Add to queue, na filamu itasubiri zamu yake bila mtu kukatizwa. Kosa la kawaida ni kugusa Play kwa haraka na kumkata mtu wimbo ukiwa kwenye kiitikio.

Kwa mtu aliyeshafanya mara mbili tatu, yote haya hayafiki nusu dakika. Kichujio cha urefu ndicho kinachookoa muda zaidi, na kukifikia kwenye simu ni rahisi kuliko kwenye runinga, jambo linalotosha kuwa sababu ya kutafutia kwenye simu.

Filamu zilizotafsiriwa na mavijei kwa Kiganda zina tabia yao. Ukilitaja jina la filamu kwa maikrofoni ya runinga, itakuletea toleo la asili kwenye huduma za kulipia, kwa sababu orodha inazozitumia hazina matoleo ya mavijei. Usiilaumu runinga kwa hilo.

Netflix na nyingine za kulipia

Mwishoni mwa 2025 Netflix iliondoa kurusha kutoka simu kwenda runinga nyingi za kisasa na vifaa vyenye rimoti yake. Vifaa vya zamani vya Chromecast, vile visivyo na rimoti, ndivyo vilivyobaki. Kwa hiyo ukiona ikoni imepotea kwenye Netflix lakini ipo kwenye YouTube, usiizime ruta, hakuna kilichoharibika.

Badala yake tumia orodha. Tafuta filamu kwenye simu, ifungue, bonyeza My List. Kwenye runinga fungua Netflix kwa wasifu uleule na utaikuta kwenye mstari wa My List. Neno "uleule" lina uzito: wasifu wa watoto na wa baba ni orodha tofauti hata kama akaunti ni moja. Ikichelewa kutokea, toka kwenye wasifu na uingie tena.

Simu kama kibodi ya runinga

Kuna wakati lazima utafute kwenye runinga yenyewe, kwa mfano ndani ya programu isiyokuwa na ikoni ya kurusha. Kwa runinga zenye Google TV au Android TV, weka programu ya Google TV kwenye simu, gusa kitufe cha rimoti, na uchague runinga. Runinga itaonyesha msimbo wa herufi na tarakimu sita. Uandike kwenye simu, bonyeza Pair. Hapa sharti la waifai moja linarudi.

Kisha kwenye runinga fungua kisanduku cha kutafutia cha programu unayotaka, na kwenye simu gusa ikoni ya kibodi. Gboard inapanda, na ile maikrofoni yake ya Kiswahili inapanda nayo. Unalotamka linaandikwa kwenye runinga. Yaani umeipa runinga masikio ya Kiswahili ambayo haikuja nayo. Wenye Samsung hupata rimoti ya simu kwenye SmartThings, wa LG kwenye ThinQ, na wa Hisense kwenye programu ya VIDAA.

Maikrofoni ya rimoti, na kazi yake halisi

Kwa jina la Kiingereza linalojulikana, hakuna kinachoishinda. Bonyeza kitufe na ukishikilie, subiri nusu sekunde mpaka alama itokee kwenye skrini, ndipo useme. Wengi husema wakati uleule wanapobonyeza, na neno la kwanza linakatwa. Ukiona runinga imetafuta "Killed Captain Alex" bila "Who", tatizo ni hilo. Shika rimoti umbali wa kiganja kutoka mdomoni, usiilenge runinga, kwa maana tundu la maikrofoni liko upande wako.

Taja na mahali pa kutafuta, ukimalizia na "on YouTube". Usipotaja, runinga hukuletea ukurasa wa huduma zote, zikiwemo ambazo huna akaunti yake.

Rimoti inayobadilisha chaneli vizuri lakini haisikii sauti kwa kawaida imepoteza Bluetooth. Vitufe vya kawaida huweza kutumia miale ya infraredi, ambayo haihitaji kuunganishwa, ila sauti husafiri kwa Bluetooth. Ingia Settings, kisha Remotes & Accessories, chagua kuunganisha, na ufuate vitufe ambavyo skrini itakuambia uvishikilie. Betri dhaifu hutoa dalili ileile, kwa hiyo badilisha betri kwanza.

Ikoni ya kurusha ikipotea

Anza na VPN. Kwa Uganda hili linastahili kuwa la kwanza. Kodi ya mitandao ya 2018, ile ya shilingi 200 kwa siku, na kisha kufungwa kwa Facebook Januari 2021, kulifanya VPN kuwa kitu cha kawaida kwenye simu, na wapo ambao hawaizimi kamwe. Simu huitafuta runinga kwa kuuliza mtandao wa ndani ya nyumba, "nani yupo hapa?" VPN ikiwa imewaka, swali hilo linaweza kuingizwa kwenye bomba linaloelekea seva ya mbali, na runinga iliyo mita mbili mbele yako hailisikii. Intaneti inafanya kazi, YouTube inafunguka, ila runinga haionekani. Angalia alama ya ufunguo mdogo juu ya skrini ya simu. Zima VPN, fungua YouTube upya, ikoni itarudi. Kama huwezi kuishi bila VPN, tafuta ndani yake swichi ya kuruhusu mtandao wa ndani, mara nyingi huandikwa LAN, au tumia njia ya namba.

Pili ni ruhusa. Android za miaka ya karibuni zina ruhusa ya Nearby devices, na iPhone ina Local Network ndani ya Privacy & Security. Ulipoulizwa siku ya kwanza na ukabonyeza kukataa, programu haitakuuliza tena. Irudishe mwenyewe.

Tatu ni waifai ya wageni. Hosteli, hoteli na baadhi ya ruta za nyumbani huzuia vifaa kuonana, kwa usalama. Kwenye ruta yako mwenyewe swichi hiyo huitwa AP Isolation. Kwenye waifai ya watu, usisumbuke, tumia namba.

Na kuna hili linalotokea umeme ukikatika. Runinga inawaka, waifai inaonyesha imeunganishwa, lakini YouTube inadai hakuna intaneti. Fungua mipangilio ya saa. Runinga za bei ya chini husahau tarehe na kurudi miaka ya nyuma, na programu hukataa kuunganishwa kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti, kwa tarehe hiyo, vinaonekana havijaanza kutumika. Weka tarehe ijipange yenyewe kutoka mtandaoni, na ikishindikana, iandike kwa mkono.

Bando linakwenda wapi

Anayerusha kwa hotspoti kwa mara ya kwanza mara nyingi hushangazwa na kasi ya bando kuisha. Sababu ni kwamba anayechukua video ni runinga. Ulivyoweka simu itumie data kidogo havihusiki hata kidogo. Runinga inaona skrini kubwa, inaona mtandao unaovuta vizuri, inajichagulia picha safi kabisa.

Kwenye YouTube, video ikishaanza, chukua rimoti ya runinga, fungua alama ya kigurudumu, ingia Quality, weka 480p. Angalia tena video inayofuata ikianza, maana chaguo hilo halikai siku zote. Kwa Netflix fungua akaunti kwenye kivinjari, chagua wasifu, ingia Playback settings. Low hufika GB 0.3 kwa saa, Medium 0.7, na High hufika GB 3 kwa picha ya HD. Usichanganye na Cellular Data Usage iliyo ndani ya programu ya simu, kwa sababu hiyo huongoza simu tu. Filamu ya saa mbili kwa Medium haizidi GB 1.4, na kwa High inaweza kufika 6. Mabadiliko huenda yasionekane kwenye runinga mpaka utoke kwenye akaunti na kuingia tena, kwa hiyo yafanye mchana, kabla ya wageni kufika.